Mwenye kisima na mwenye mbuzi

Kila ninapofundisha mlango wa kuhuisha ardhi mfu katika fikihi, yaani kuiendeleza ardhi isiyotumika na isiyo na mwenyewe, swali hili huzuka: mtu akichimba kisima nyikani, amemiliki nini hasa? Wengi hudhani kwamba nyika yote inayotegemea maji yale imekuwa yake. Sivyo.

Mtume, rehema na amani zimshukie, alisema kwamba mwenye kuhuisha ardhi mfu, ardhi hiyo ni yake. Abu Hanifa alishurutisha idhini ya mtawala, Imamu Shafii hakuishurutisha. Kuzungushia mawe peke yake si kuhuisha. Humpa mtu haki ya kutangulizwa tu, na Umar bin Khattab aliiwekea haki hiyo kikomo cha miaka 3.

Basi tumchukue mtu aliyechimba kwa nia ya kumiliki, akayafikia maji. Kisima ni chake pamoja na harimu yake, yaani eneo ambalo bila hilo kisima hakitumiki: mahali anaposimama mtekaji, penye birika, na anapopita mnyama anayevuta ndoo. Kwa kisima cha kunyweshea mifugo, Wahanafi wameikadiria harimu kuwa dhiraa 40. Nyasi za nje ya hapo, zilizoota zenyewe, hazikuwa zake kabla hajachimba, na bado si zake.

Sasa anafika mchungaji na mbuzi wenye kiu. Hapa ndipo penye uzito. Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim inakataza kuzuia maji ya ziada ili kuzuia malisho kwa njia hiyo. Mbuzi hawezi kukaa kwenye nyasi asikopata maji, kwa hiyo anayefunga kisima pekee cha eneo hilo ameyafunga malisho ya watu wote bila kujenga hata ukuta. Naiona hukumu hii kuwa ya kina sana, maana inamtazama mwenye maji kwa athari ya tendo lake, si kwa mipaka ya milki yake tu.

Wanazuoni wa Kishafii hawakumwachia mchungaji mlango wazi kabisa. Mwenye kisima hutanguliza haja yake, ya mifugo yake na ya mimea yake. Kinachobaki humpa mchungaji bila malipo, iwapo maji yangali kisimani, pana malisho karibu, na hakuna maji mengine ya bure. Maji aliyokwisha kuyateka na kuyaweka chomboni ni mali yake, anaweza kuyauza. Halazimiki kuazima ndoo wala kamba. Wala, kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu, halazimiki kumwagilia shamba la jirani, kwa sababu uhai wa mnyama una heshima ambayo mmea hauna.

Na kama alichimba bila nia ya kumiliki, apate maji tu muda wa kukaa hapo? Hutangulizwa maadamu yupo. Akihama, kisima ni cha wote, na akirudi huwa sawa na wengine.