Kwa nini mkalimani wa mapokezini hotelini husema “mimi” ilhali anayezungumza ni mgeni?

Ni kwa sababu maneno ya mgeni yakigeuzwa kuwa “anasema kwamba”, hupoteza mwenyewe. Mhudumu akiambiwa “anasema alishalipa”, hajui kama aliyelipa ni mgeni huyu, mwenzake aliyeshika mizigo au wakala aliyewawekea nafasi, kwa kuwa Kiswahili huwabeba wote kwa kiambishi kimoja. “Nilishalipa” haina utata huo. Tena humwondolea mkalimani nafasi ya kuchomeka maoni yake, na wenye mazungumzo hubaki wakitazamana wao kwa wao.

Mtihani mkubwa huja kwenye dhamana. Tuseme mgeni amelipia chumba mapema, kisha mhudumu anaomba kadi na kusema: “Tutazuia kiasi cha usiku mmoja. Kama hutakuwa na deni la ziada, tutakiachilia utakapoondoka, ila benki yako inaweza kuchukua siku kadhaa kabla hakijaonekana kwenye salio.” Mgeni anafoka: “Nilishalipa! Mnataka kunitoza mara mbili?”

Hapo mkalimani mwenye huruma huvutwa kumwambia, “Usijali, watakurudishia.” Nia ni njema, lakini yamepotea mambo matatu: kwamba pesa zimezuiwa tu wala hazijakatwa, kwamba kuna sharti la kutokuwa na deni, na kwamba salio halitarudi papo hapo. Mgeni akiondoka na kukuta salio bado pungufu, ataamini ameibiwa, na atasema kweli kwamba hakuelezwa. Vivyo hivyo, swali lake likilainishwa kuwa “mgeni anaomba maelezo”, mhudumu hatajua kwamba kinachomuudhi ni hofu ya kutozwa mara mbili, naye atarudia maelezo yale yale. Kwa hiyo ukali wa swali hufikishwa pamoja na swali lenyewe.

Huenda mgeni akamgeukia mkalimani na kuuliza, “Wewe ungekubali?” Hata swali hilo hufasiriwa kwa mhudumu, kwa sababu jibu la pembeni humfanya mkalimani kuwa mshauri wa upande mmoja. Akiwa na jambo lake mwenyewe, hujitaja waziwazi kwa pande zote mbili: “Mkalimani anaomba kufahamu: kiasi hicho huzuiwa mara moja au kwa kila usiku?” Kwa kuwa “mimi” ameshamwachia mgeni, hakuna atakayechanganya sauti hizo mbili.

Saa nazo zina mtego wake. Mhudumu akisema kwa Kiswahili kwamba chumba kirudishwe saa nne asubuhi, mgeni anapaswa kusikia saa kumi kwa hesabu ya lugha yake. Mimi hupendelea tarehe na saa ziandikwe kwenye karatasi kwa tarakimu, 10:00, kisha mgeni azisome kwa sauti na mkalimani amfasirie mhudumu alichosoma, kabla ya funguo kutolewa.