Video ya mlango wa nakshi ambayo mtambo haukuielewa

Fundi mmoja wa milango ya nakshi hapa Bagamoyo alikuja kwenye mafunzo yetu na video ya sekunde 40, anachonga mfaa, ule mti wa katikati pale mabawa mawili ya mlango yanapokutana. Kazi nzuri mno. Lakini maelezo chini yameandikwa "Mungu ni mwema #fyp #viral", juu kuna muziki mkubwa, na kwenye skrini hakuna neno hata moja.

Sasa jiulize, mtambo, yaani ile programu inayochagua video za kuwaonyesha watu, utajua vipi kwamba huu ni mlango? TikTok wenyewe walieleza mwaka 2020 kwamba katika kupendekeza video wanaangalia pia maelezo, sauti na hashitegi. Mtambo unaweza kusoma maandishi yaliyo ndani ya picha, na pia kugeuza maneno unayosema yawe maandishi. Kwa huyu fundi maelezo, skrini na sauti vyote havikuuambia mtambo kitu, na hiyo #viral haisemi mbao wala mlango wala Bagamoyo.

Tukawasha kapsheni za otomatiki tuone mtambo umesikia nini, na hiki ndo kipimo ninachokiamini kuliko vyote, maana unasoma kile mashine ilichoambulia. Randa ya umeme inanguruma huku yeye anaongea, basi "mfaa" imekuwa "anafaa" na "mninga" haipo kabisa. Ukikuta kapsheni imejaa maneno ya Kiingereza yasiyo na maana, jua lugha ya video imewekwa Kiingereza wakati wewe umeongea Kiswahili, kabadilishe kwanza.

Tukarekodi upya. Randa ikazimwa, akasema sentensi moja pale mwanzo, ndo akaiwasha. Muziki tukaushusha. Maneno yaleyale tukayaandika kwenye skrini kwa herufi za kawaida, yakakaa sekunde kama nne, sio zile herufi za mapambo zinazowaka na kuzima, na tukayaweka juu kidogo, maana kule chini vitufe na maelezo vinafunika.

Kwa YouTube unaweza kupandisha kapsheni zako mwenyewe kwenye faili la `.srt`, mashine isibahatishe jina la mti:

```
1
00:00:00,000 --> 00:00:04,000
Huu mlango wa nakshi wa mninga, tunachonga Bagamoyo.
```

Maelezo yakawa: "Mlango wa nakshi wa mninga, tunachonga mfaa kwa mkono, Bagamoyo." Hivyo ndivyo mteja wake anavyoweza kuandika akitafuta, na nawaomba sana msijaze majina ya vitu ambavyo havipo kwenye video, kwa sababu YouTube wanahesabu hilo ni udanganyifu, na hata hashitegi zikizidi 60 wanazipuuza zote.

Maneno yanasaidia mtambo kujua mada tu, hayamlazimishi mtu kuangalia. Ile sekunde ya kwanza fundi alianza na ubao mtupu, akaamua mwenyewe kuanza na nakshi iliyokwisha, halafu ndo anarudi kwenye patasi.