Kunawa mara saba baada ya daladala

Mtu mwenye hofu ya vijidudu akiingia kliniki, mimi hutazama mikono yake kwanza. Mara nyingi ngozi ya vidole imepauka na kupasuka, na akikamua ndimu inamchoma. Mlango ameusukuma kwa kiwiko.

Tumchukue fundi cherehani mmoja, ambaye nimemuunda kutokana na wagonjwa wengi. Akishuka daladala hunawa mara saba, kila mara akihesabu hadi 50. Akikatizwa, anaanza upya. Anajua fika kwamba amepitiliza, na hilo humtia aibu. Wengine hofu hii huwashika kwenye udhu, ndiyo maana Pwani ugonjwa huu una jina la zamani: wasiwasi.

Kinachoukuza ni nafuu. Akinawa, moyo hutulia papo hapo, na akili inajifunza kwamba amenusurika kwa sababu amenawa. Kesho hofu inarudi ikidai maji zaidi.

Tiba hukata uzi huo: mgonjwa anagusa anachokiogopa, kisha hanawi. Mwaka 1966 mwanasaikolojia Victor Meyer, jijini London, alieleza jinsi wagonjwa wawili walivyosaidika kwa njia hii.

Na fundi wetu tunaandika ngazi ya hofu, kuanzia 0 hadi 100. Noti chakavu ameipa 35, kitasa cha duka 50, bomba la daladala 70, kitasa cha choo cha stendi 90. Tunaanza na noti. Anaifikicha viganjani, anajipangusa kwenye gauni, anakaa. Kila baada ya dakika tano ananitajia namba: 55, 60, 60, 40. Siku nyingine namba haishuki kabisa, na hapo wengi hudhani tiba imeshindwa. Haijashindwa. Amekaa na hofu bila kunawa, na ameona kwamba inavumilika. Nyumbani anarudia kila siku mpaka noti imchoshe, ndipo tunapanda kwenye kitasa.

Zoezi likikwama, natafuta kunawa kwa siri: kitakasa mikono mkobani, kuhesabu kimoyomoyo, au kumuuliza mume, "Sitaugua kweli?" Mume akijibu "huna kitu, mke wangu," naye amemnawisha, tena kwa upendo. Basi tunakubaliana wote watatu kwamba atasema, "Hilo tulipatana nisilijibu." Siku za mwanzo jibu hilo huleta ugomvi, kwa hiyo huwa naonya mapema.

Kunawa kwa kawaida kunabaki: kabla ya kula na baada ya choo, sekunde 20, mara moja. Pakizuka kipindupindu tunafuata maelekezo ya afya, bila kuongeza raundi. Hofu ikiwa kali kiasi cha mtu kushindwa hata hatua ya kwanza, daktari anaweza kuongeza dawa kama fluoksetini, ambayo huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi yake. Mazoezi ya ngazi huendelea sambamba nayo.