Chanjo ya ndigana kali Makuyuni, Jumamosi tarehe 14 Novemba: maneno ya bomani na ukweli wake

Wafugaji wetu, Jumamosi tarehe 14 Novemba tupo josho la kijiji Makuyuni kuanzia saa 1 asubuhi mpaka saa 5, tunachanja ndigana kali (oltikana). Ndama ni shilingi 12,000, ng'ombe mkubwa 18,000, humo ndani kuna chanjo, sindano ya dawa na hereni ya sikioni. Kabla ya kuja naomba tuongee kidogo maana wiki nzima napokea simu za maneno yale yale.

"Chanjo ndo inaleta ndigana, mwaka jana ndama wa jirani alikufa baada ya kuchanjwa." Hili sitalikataa lote jamani, maana chanjo hii ina vimelea hai vya ndigana kabisa. Tunampa ndama ugonjwa kwa kipimo, 1 ml chini ya ngozi karibu na tezi la sikio, na saa hiyo hiyo tunamchoma oksitetrasaiklini ya 30% inayokaa mwilini muda mrefu, ili ugonjwa upite kidogo tu na mwili ujifunze. Sasa uhai wa ndama upo kwenye hiyo sindano ya pili, na inaenda kwa kilo, 1 ml kwa kila kilo 10. Ndama wa kilo 80 anatakiwa apate 8 ml, mtu akimkadiria kwa macho akasema huyu ni kilo 50 akampa 5 ml, vimelea vinaishinda dawa na ndama anaumwa ndigana yenyewe. Ndo maana mtatuona tunazungusha utepe kifuani kwa kila ndama, hata kama foleni ni ndefu, msituharakishe hapo. Na ndo sababu ng'ombe mkubwa bei iko juu, anakula dawa nyingi.

Hata kipimo kikiwa sawa wachache huwa wanapata homa, kuanzia siku ya 8 hivi mpaka wiki ya 3 au 4. Mama zetu nyie ndo mnakaa na ndama kila asubuhi, mwangalieni anayebaki nyuma, hanyonyi vizuri, masikio ya moto, tezi chini ya sikio limevimba, piga simu siku hiyo hiyo tuje na buparvakwoni, dawa ya kutibu ndigana yenyewe. Ukisubiri mpaka anapumua kwa shida na povu linatoka puani, hapo tumechelewa sana. Ila msimwongezee ile oksitetrasaiklini, dawa ya njano, wenyewe nyumbani "kwa usalama", mnaweza kuua vimelea kabla mwili haujajifunza na hela yako ya chanjo imepotea. Kwa wiki hizo pia msiwahamishe safari ndefu, na anayeumwa au aliyekonda sana asiletwe siku hiyo, wala ng'ombe mwenye mimba kubwa.

"Nikichanja naacha kuogesha." Hapana. Chanjo hii inazuia ndigana kali peke yake, ile ya kupe wa kahawia anayekaa masikioni. Ndigana baridi, maji moyo, mkojo mwekundu, zote zinaletwa na kupe na hii chanjo haizigusi hata kidogo, kwa hiyo josho linaendelea. Unachopata ni kwamba kupe wawili watatu sikioni hawatakulazia ndama chini.

"Itabidi nilipe tena mwakani." Hulipi. Ni mara moja, na kwa ng'ombe anayeendelea kukutana na kupe malishoni kinga inabaki miaka na miaka. Hereni ndo alama yake, ukienda mnadani mnunuzi anaiona.

Halafu kuna wale wa "mimi nina ndama watatu tu, niletee bomani" au "nitafika jioni". Ingekuwa rahisi tungekuja, lakini chanjo inakaa kwenye mtungi wa naitrojeni ya maji, baridi kali kupita friza yoyote, na mrija mmoja una dozi 40. Ukishayeyushwa haurudi kwenye mtungi, una masaa machache tu kwenye barafu, alafu zinazobaki zinamwagwa. Mrija mmoja kwa ndama watatu ni dozi 37 chini, kwa hiyo wenye wachache ungeni na majirani mje pamoja, na kila mtu ataje idadi yake kwa mwenyekiti wa kitongoji mpaka Alhamisi ili tujue tuyeyushe mirija mingapi. Saa 5 ikipita hatufungui mrija mwingine.

Ndama kuanzia mwezi mmoja anachanjwa. Njooni na kamba, vijana wawili wa kukamata, na ndama wawe wameshanyonya asubuhi.