Adapta ikiandika UNABLE TO CONNECT, usikimbilie kununua kontrolboksi

Mama mmoja alinijia na Toyota Spacio ya 2003 kwenye karakana ya chuo ninapofundisha umeme wa magari, hapa Kampala. Taa ya cheki injini ilikuwa inawaka na gari lilikuwa linakunywa mafuta kuliko kawaida. Katika gereji aliyotoka, fundi alichomeka adapta ndogo ya buluu ya kusoma makosa ya gari, ile inayoongea na simu kwa Bluetooth, akasubiri, na simu ikaandika UNABLE TO CONNECT. Akatoa hukumu palepale: kontrolboksi imeungua, itafutwe nyingine ya mtumba.

"Mama, gari limevutwa au umeliendesha?" nilimuuliza.

"Nimeliendesha, mwalimu. Asubuhi linasumbua kuwaka, lakini likishawaka linakwenda."

Jibu hilo peke yake lilitosha kuitilia shaka ile hukumu. Katika injini ya Spacio, kompyuta, yaani hiyo kontrolboksi, ndiyo inayoamua petroli inyunyizwe kiasi gani na plagi zipige cheche wakati gani. Kompyuta ikifa, injini haiwaki. Kwa hiyo kompyuta ilikuwa hai na inafanya kazi, ila haikuijibu ile adapta. Adapta hiyohiyo, fundi aliapa, ilikuwa imesoma Premio ya 2008 siku iliyotangulia bila shida, na nilimwamini. Kilichoyatenganisha magari hayo mawili ni itifaki, yaani lugha na utaratibu ambao kompyuta ya gari hutumia kuzungumza na kifaa cha nje.

Soketi iliyo chini ya usukani ina matundu 16, na umbo lake ni moja karibu katika kila gari. Umbo hilo ndilo linalotudanganya, kwa sababu ndani yake zinaweza kupita lugha tofauti kwa waya tofauti. Tundu la 16 huleta umeme wa betri moja kwa moja, na la 4 na la 5 ni ethi. Hayo matatu yanatosha kuwasha taa ya adapta, hivyo taa kuwaka haithibitishi kitu zaidi ya kwamba umeme upo. Mazungumzo yenyewe hupita kwingine. Magari ya miaka ya karibuni hutumia CAN, waya mbili kwenye tundu la 6 na la 14, mara nyingi kwa kasi ya biti 500,000 kwa sekunde. Magari ya Japani na Ulaya ya kabla ya hapo hutumia waya mmoja kwenye tundu la 7, unaoitwa laini ya K, wenye mwendo wa taratibu sana. Ford na General Motors za Marekani za zamani zilikuwa na lugha zao kwenye tundu la 2 na la 10, lakini hizo hatukutani nazo sana Uganda.

Premio ya 2008 inazungumza CAN. Spacio ya 2003 inazungumza laini ya K.

Hapo ndipo adapta nyingi za bei ya chini zinapoishia. Chipu ya asili ya adapta hizi, ELM327, ilibuniwa na kampuni ya Kanada, ELM Electronics, ambayo ilifunga shughuli zake mwaka 2022. Toleo lake la kwanza halikuwa na kinga dhidi ya kunakiliwa, na nakala zikajaa duniani. Nyingi huandikwa "v1.5", toleo ambalo kampuni yenyewe haikuwahi kulitoa. Nyingine huandikwa "v2.1" huku hazizijui amri nyingi za toleo hilo. Mbaya zaidi, watengenezaji wa nakala hupunguza vipuri. CAN inahitaji sehemu chache na magari mapya yote yanaitumia, kwa hiyo wanaibakiza. Laini ya K inahitaji transista na rezista zake, na hizo ndizo zinazoachwa. Geuza adapta uitazame mdomoni: ikiwa pini ya 7 haipo kabisa, kifaa hicho hakitasoma laini ya K hata ukibadilisha programu kumi kwenye simu. Pini ikiwepo bado si uthibitisho, maana nimewahi kufungua adapta nikakuta pini imesimama vizuri lakini haikuunganishwa na chochote kwenye bodi.

Adapta ya yule fundi ilikuwa na pini 4, 5, 6, 14 na 16 tu. Nikaiweka pembeni na kuchukua ya karakana, ambayo laini yake ya K ninaijua ni nzima. Nayo, kwa mpangilio wa kawaida, ikaandika UNABLE TO CONNECT.

Wengi hukata tamaa hapa, na sababu ya pili ndipo ilipojificha. Sheria ya Marekani ililazimisha magari madogo yote yanayouzwa huko kuanzia mwaka 1996 yaongee lugha ya pamoja ya uchunguzi. Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Spacio hii haikutengenezwa kwa ajili ya Marekani wala Ulaya. Ilitengenezwa iuzwe Japani, ikatumika huko, kisha ikaja kwetu kama mtumba, sawa na magari mengi ya barabara zetu. Toyota iliiwekea soketi ileile na waya uleule wa K, lakini ikaiachia utaratibu wa ndani wa kampuni.

Tofauti yenyewe ni ndogo, na inaonekana kwenye salamu ya kwanza. Katika utaratibu wa pamoja, adapta huamsha kompyuta ya gari kwa kutuma anwani 33 kwenye laini ya K polepole mno, biti 5 kwa sekunde. Salamu hiyo fupi huchukua sekunde mbili nzima, ndiyo maana simu hukaa kwenye SEARCHING kwa muda mrefu. Kompyuta ikiitambua hujibu, na mazungumzo huendelea kwa biti 10,400 kwa sekunde. Kompyuta ya Toyota ya soko la Japani ya miaka hiyo haiitiki anwani 33. Yake ni 13, na mazungumzo yake ni ya biti 9,600. Adapta inabisha hodi, nyumbani kuna mtu, ila jina linaloitwa si lake.

Adapta nzuri inaweza kuambiwa ibadilishe salamu. Kwa Spacio nilitumia amri hizi kwenye programu ya simu inayoruhusu kuandika amri moja moja, swichi ikiwa imewashwa:

```
ATZ
ATIB96
ATIIA13
ATSH8113F1
ATSP4
ATSW00
2101
```

ATZ inaianzisha adapta upya. ATIB96 inaweka kasi ya 9,600, ATIIA13 inabadilisha anwani ya kuamshia, na ATSH8113F1 inaandika bahasha ya ujumbe: unakwenda kwa 13, unatoka kwa F1, yaani kifaa cha uchunguzi. ATSP4 inachagua itifaki ya laini ya K yenye mwamsho wa polepole, na ATSW00 inazuia adapta kutuma ujumbe wa mara kwa mara wa kuiweka kompyuta macho. Amri ya mwisho, 2101, ndiyo swali lenyewe. Gari likijibu kwa namba zinazoanzia 61 01, mmeelewana. Programu kama Torque ina nafasi ya kuhifadhi amri hizi za mwanzo kwenye taarifa za gari husika, ili usizirudie kila mara.

Tazama jibu la kila amri. Adapta ikirudisha alama ya `?` baada ya ATIB96 au ATIIA13, haiijui amri hiyo, na kosa liko mkononi mwako. Ikijibu OK kwa zote kisha ikaandika BUS INIT: ...ERROR, kuna mambo mawili: ama gari halitumii salamu hii, ama adapta inasema OK bila kutekeleza, tabia ya nakala nyingi. Njia ya haraka ya kutofautisha ni kuijaribu kwa amri hizihizi kwenye gari jingine ambalo unajua linaiitika salamu hii.

Spacio ikajibu 61 01. Kontrolboksi ilikuwa nzima kama siku ilipotoka kiwandani.

Mafanikio hayo yana mpaka wake. Namba zilizorudi ziko katika mpangilio wa Toyota, na programu ya kawaida ya simu haijui ipi ni joto la maji na ipi ni mzunguko wa injini. Hata kitufe cha kusoma makosa hakitasaidia, kwa sababu kinauliza kwa utaratibu wa pamoja. Kwa hiyo kusoma kosa nilitumia njia ya zamani, ambayo katika Toyota za aina hii haihitaji adapta hata kidogo.

Ukiitazama soketi ya gari safu pana ikiwa juu, matundu huhesabiwa 1 hadi 8 juu na 9 hadi 16 chini, kutoka kushoto. Swichi ikiwa imezimwa, unganisha tundu la 13 na la 4 kwa kipande cha waya, kisha washa swichi bila kuwasha injini. La 13 ni la tano katika safu ya chini. Hesabu mara mbili, kwa kuwa ukikosea ukaingia la 16 utapitisha umeme wa betri kwenye ethi. Taa ya cheki injini itaanza kupepesa. Ikipepesa mfululizo kwa haraka, hakuna kosa lililohifadhiwa. Taa za breki za ABS na za mifuko ya hewa zinaweza kupepesa nazo, maana zinatumia tundu hilohilo. Usichanganyikiwe, hesabu ile ya injini tu.

Yule mama alikuwa amesimama mlangoni akihesabu pamoja nami. Mbili, kituo kifupi, mbili. Msimbo 22 katika Toyota ni sensa ya joto la maji ya injini, na ulilingana na malalamiko yake yote: kompyuta isipojua joto la injini hubaki kukisia, basi asubuhi gari husumbua na mafuta huliwa bure.

Nikachomoa soketi ya sensa na kuipima. Injini ikiwa baridi, sensa nzima ya aina hiyo huonyesha kati ya omu 2,000 na 3,000, na ikipata moto hushuka hadi mia chache. Yake ilionyesha 2,400. Sensa nzima. Nikarudi kwenye waya wake na kukuta pini moja ya soketi imeota ukijani, na waya umekatika ndani ya plastiki ya nje, mahali pasipoonekana mpaka uuvute. Tulibadilisha ile pini, tukachomoa fyuzi ya EFI kwa dakika moja ili kosa lifutike, tukairudisha. Taa ilizimika na haikuwaka tena tulipoizungusha gari barabarani.