Oda inakaa siku tatu, kazi yenyewe masaa mawili: jinsi ya kuchora safari ya oda

Miezi ya karibuni wasambazaji wadogo wanaokuja kwenye kitengo chetu cha ushauri wa biashara wanalalamika jambo moja, maduka yanawahama kwa sababu mzigo unachelewa. Na karibu wote wanakuja na dawa yao mkononi, wanataka kuongeza gari. Jamani, kabla hujaingia kwenye mkopo wa Kirikuu ya pili, chora kwanza safari ya oda yako, tangu duka linapiga simu hadi mwenye duka anasaini kapokea.

Njia hii ilikomaa kwenye viwanda vya Toyota kule Japani, ila kwa msambazaji wa sabuni na mafuta ya kula inatosha karatasi moja unayoibana kwenye kila oda. Kila anayeishika anaandika saa aliyoipokea, saa aliyoanza kuifanyia kazi na saa aliyomaliza. Zote tatu tafadhali. Watu wanajaza ya kumaliza tu halafu wanatuuliza mbona ramani haionyeshi kitu, wakati kusubiri kunajificha hapo hapo kati ya kupokea na kuanza. Na usimuulize mtu "huwa inachukua muda gani", atakwambia dakika kumi na hadanganyi, anakuhesabia mkono wake tu, meza hahesabu.

Chukua mfano huu wa msambazaji mwenye gari moja. Jumatatu saa 4 asubuhi duka linaagiza, mtu wa mauzo anaandika kwenye daftari, dakika 5. Daftari linazunguka naye mtaani hadi saa 11 na nusu jioni, karani ameshafunga kompyuta. Jumanne saa 3 karani anaingiza oda, dakika 10. Saa 5 mhasibu anaangalia deni, dakika 5, anakuta duka bado linadaiwa laki mbili, basi inabidi bosi aidhinishe, na bosi yuko benki hadi saa 10 jioni. Anaidhinisha kwa dakika moja! Karani anatoa risiti, dakika 5. Mtunza stoo ameshaanza kufunga, anatoa mzigo Jumatano saa 2 na nusu, dakika 25, anamaliza gari limeshapangwa na linawasha kuondoka kabla ya saa 3. Mzigo unalala tena. Alhamisi kupakia dakika 20, njiani 55, kuhesabu na kusaini dukani 15, saa 4 asubuhi kimeisha.

Jumla masaa 72, kazi halisi ni masaa 2 na dakika 21. Kuna wanaobisha eti usiku usihesabiwe, lakini rafu ya mteja iko tupu usiku pia na duka la mtaani linauza mpaka saa 4 usiku, kwa hiyo sisi tunahesabu. Oda imepita mikono mara 8, na ukiangalia vizuri hakuna aliyekuwa mvivu, kila mmoja kaipokea muda ambao wa mbele yake ameshaondoka. Gari la pili lingeondoka muda ule ule na kuuacha mzigo ule ule.

Kilichobadilishwa ni vitu viwili. Bosi aliweka kiwango cha deni kwa kila duka, ukiwa chini ya kiwango karani anaendelea bila kumtafuta mtu, ukizidi ndio unamsubiri bosi kama zamani. Na mtu wa mauzo anatuma picha ya daftari wasap saa 7 mchana badala ya kulileta jioni. Oda inaingia mchana huo, mtunza stoo anatoa mzigo kabla ya kufunga, gari la Jumanne linaubeba, saa 4 uko dukani. Masaa 24, gari lile lile. Oda za baada ya saa 7 bado zinalala siku moja zaidi, hilo mwambie mteja mapema.

Sasa tuelewane kuhusu risiti ya EFD, maana kuna watu wakisikia kupunguza hatua wanaanzia hapo. Zile dakika 5 haziguswi. Mzigo ukikutwa barabarani bila risiti unaweza kuzuiwa na ukapigwa faini, na huo muda wa kuzuiwa hakuna ramani itakayoufidia. Utaratibu ni hivi, tofauti na ule wa kwenye mfano: mtunza stoo ahakikishe kwanza bidhaa zote zipo, ndipo karani atoe risiti, kisha delivari noti, kisha kupakia. Ukitoa risiti halafu ukakuta katoni tatu hazipo huwezi kuifuta, unaingia kwenye kredit noti na oda inarudi nyuma meza mbili.

Bana karatasi kwenye oda 20 hivi za siku tofauti, usichague zile nzuri, na ziwemo za mwisho wa mwezi ambapo madeni ni mengi na foleni ya bosi inarefuka.