Programu ya kufungua printa iliyogoma: iendeshe ndani ya mashine pepe

Steshenari nyingi hapa Tanga, kuanzia Ngamiani hadi Chumbageni, zinachapa kwa printa za matangi, zile zinazojazwa wino kwa chupa. Inafika siku printa inagoma, taa zinawaka na kuzima kwa zamu, na kwenye skrini unakuja ujumbe kwamba sponji za wino taka zimefika mwisho. Kila printa inaposafisha kichwa chake humwaga wino kidogo kwenye sponji zilizo chini yake, na kaunta ya ndani hukadiria kiasi kilichomwagwa. Kaunta ikijaa, printa inajifunga hata kama kila kitu kingine ni kizima.

Ndipo inapotafutwa programu ya kurudisha kaunta kwenye sifuri, ile inayopita kwenye flashi kutoka fundi mmoja hadi mwingine. Kwa kawaida ni faili la zip lenye nywila, likiwa na maelezo ya kuzima antivairasi kabla ya kulifungua. Hiyo nywila ina kazi yake: antivairasi haiwezi kusoma kilichomo mpaka wewe mwenyewe ukifungue. Huenda programu ni salama, huenda imebebeshwa kitu kingine. Kwa kuitazama tu huwezi kujua.

Mama mmoja mwenye steshenari aliniuliza, "Fundi, si uweke tu ile pointi ya kurejesha, ikiharibika turudi nyuma?" Nilimjibu, "Mama, pointi ya kurejesha itarudisha Windows. Nywila ya barua pepe yako ikishachukuliwa, hairudi." Kompyuta ile ina mitihani ya shule, mikataba na nakala za vitambulisho vya wateja. Pointi ya kurejesha hutunza mafaili ya mfumo, rejista, draiva na programu. Haitunzi nyaraka zako, na yenyewe inakaa kwenye diski ileile, kwa hiyo virusi vya kufunga mafaili kwa ajili ya fidia huanza kwa kuifuta. Inafaa kwa programu ya kuaminika inayoweza kuleta mgongano. Kwa programu usiyoijua asili yake, tumia mashine pepe, yaani kompyuta kamili inayoishi ndani ya kompyuta yako ikiwa na Windows yake na diski yake.

Mimi natumia VirtualBox, ambayo ni ya bure. Kompyuta yenye RAM ya GB 8 inatosha: mashine pepe ya Windows 10 ipe GB 3 au 4 na diski ya GB 40, ambayo itachukua nafasi kidogo kidogo kadiri inavyojaa. Ikikataa kuwaka, ingia BIOS uwashe VT-x, au AMD-V kwa prosesa za AMD. Faili la kusakinishia Windows ni GB kadhaa, kwa hiyo likishapatikana litunze usirudie kuunguza bando. Kuna pia Windows Sandbox, nyepesi zaidi, lakini haipo kwenye toleo la Home na haipokei kifaa cha USB. Kwa kazi ya printa haitufai.

Ndani ya mashine pepe, niliyoipa jina Majaribio, sakinisha draiva ya printa kutoka kwa mtengenezaji. Kisha liingize lile faili la zip bila kulifungua, uzime mashine, ondoa folda ya pamoja na kuzima ubao wa kunakili wa pamoja. Hayo mawili ndiyo milango ya kutokea, na watu wengi huyasahau wazi. Baada ya hapo, kwenye Command Prompt ya Windows ya dukani, ukiwa ndani ya folda ilimosakinishwa VirtualBox, kata mtandao na upige picha ya hali ya mashine kabla ya jaribio:

```
VBoxManage modifyvm "Majaribio" --nic1 none
VBoxManage snapshot "Majaribio" take "Safi"
```

Iwashe, kisha kwenye menyu ya `Devices`, upande wa `USB`, chagua jina la printa. Printa itapotea kwenye Windows ya dukani na kutokea ndani ya mashine pepe. Usishtuke, ndivyo inavyotakiwa. Panapokwama watu ni mwishoni: programu ikimaliza hukuagiza uzime printa na kuiwasha, na ikiwaka inarudi Windows ya nje. Chujio la USB kwenye mipangilio ya mashine pepe huifanya irudi ndani yenyewe.

Kabla ya kufungua zip, fungua PowerShell ya msimamizi humo ndani uangalie ni folda zipi Defender imeambiwa isizikague:

```
Get-MpPreference | Select-Object ExclusionPath
```

Kwenye Windows mpya jibu huwa tupu. Endesha programu, rudisha kaunta, kisha uliza tena. Folda usiyoiweka wewe ikitokea hapo, hasa ikiwa ni `C:\` nzima, programu hiyo imebeba mgeni. Tazama pia orodha ya vinavyowaka pamoja na Windows ndani ya Task Manager, na kazi mpya ndani ya Task Scheduler. Prosesa inayobaki juu baada ya programu kufungwa nayo ni dalili.

Lakini ukimya usiuchukulie kuwa cheti cha usafi. Kuna programu hasidi zinazotambua kwamba ziko ndani ya mashine pepe zikatulia, na nyingine husubiri mtandao ndipo zianze. Kwa sababu hiyo, hata jaribio likipita vizuri, siihamishii programu kwenye Windows ya dukani. Hakuna haja: kaunta iko ndani ya printa, na imesharudi sifuri. Zima mashine pepe, uirudishe ilivyokuwa:

```
VBoxManage snapshot "Majaribio" restore "Safi"
```

Sponji nazo zibadilishwe siku hiyohiyo. Kaunta inasoma sifuri, ila wino uko palepale, na ukiendelea kuchapa utavuja chini ya printa hadi mezani.

Pointi ya kurejesha ina zamu yake pale draiva mpya ya printa, kutoka kwa mtengenezaji, inapolazimika kuingia Windows ya dukani. Kwenye kompyuta nyingi ulinzi huu huja umezimwa, kwa hiyo uwashe kwanza ndani ya Windows PowerShell ya msimamizi:

```
Enable-ComputerRestore -Drive "C:\"
Checkpoint-Computer -Description "Kabla ya draiva" -RestorePointType MODIFY_SETTINGS
Get-ComputerRestorePoint
```

Usiiache amri ya tatu. Ikiwa pointi nyingine ilitengenezwa ndani ya saa 24 zilizopita, Windows hutoa onyo tu na haitengenezi mpya. Ukisoma haraka utadhani imefanyika. Tarehe kwenye orodha ndiyo itakayokuambia.

Draiva ikivuruga mambo, andika `rstrui` kwenye kisanduku cha Run uchague pointi yako. Windows ikikataa kabisa kuwaka, pitia skrini ya matengenezo: `Troubleshoot`, kisha `Advanced options`, kisha `System Restore`. Kama diski imefungwa kwa BitLocker utaombwa ufunguo wa tarakimu 48, kwa hiyo uandike pembeni kabla hujagusa draiva. Kazi ya kurejesha ikishaanza haitakiwi kukatizwa. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS usiianzishe saa ambazo umeme wa mtaa wenu unakatika mara kwa mara. Ngoja jioni duka likifungwa, au azima UPS kwa jirani.